Anayemwita bibi yake "he" si kwamba hajui Kiingereza

Kuna imani iliyokita mizizi shuleni na maofisini kwetu: ukimsikia mtu anamwita mama yake "he", basi huyo Kiingereza hakijui. Mwalimu anazungushia kalamu nyekundu, wenzake darasani wanaangua kicheko, na kwenye usaili wa kazi anahesabiwa kuwa hakusoma. Imani hiyo si kweli, na inawafunga midomo vijana wenye uwezo.

Tuchukue insha ya kijana wa kidato cha pili wa Nkunga, hapa Rungwe, anayeandika kuhusu bibi yake. Bibi ana migomba na ng'ombe wa maziwa. Sentensi inayofuata inaanza na "she", sawasawa kabisa. Bibi anaamka alfajiri kukamua, na bado ni "she". Kisha anapeleka ndizi Tukuyu pamoja na mwanawe wa kiume, na hapo kijana anaandika "his" palipotakiwa "her". Kuanzia hapo bibi anageuka "he" hadi mwisho wa ukurasa. Sasa mpe kijana huyohuyo zoezi la kujaza nafasi, kila sentensi ikianza na jina la mwanamke au la mwanamume. Atajaza zote vizuri. Kama angekuwa haijui kanuni, angekosea na huko pia.

Tatizo liko kwenye maandalizi ya sentensi. Tunaposema "analima", kiambishi "a-" kinatosha. Hakiulizi kama mlimaji ni bibi au babu. Kinyakyusa anachozungumza kijana huyu nyumbani nacho hakiulizi. Anajua vizuri kwamba bibi ni mwanamke, ila tangu utoto hajalazimika kuikumbuka habari hiyo kila anapounda kitenzi. Kiingereza kinamdai aikumbuke kila mara. Akiwa ametulia, anaikumbuka. Akiwa anahangaika kutafuta msamiati, tahajia na wakati wa kitenzi kwa pamoja, anaandika lile neno linalotangulia kumjia.

Anayebisha awatazame Wahispania. Lugha yao ina neno la "yeye" wa kike na la "yeye" wa kiume, kama Kifaransa. Lakini Mhispania, kama sisi, huliacha neno hilo mara nyingi kwa sababu kitenzi chake kinajitosheleza, ilhali Mfaransa hulitamka kila mara. Mwaka 2010 mtafiti Inés Antón-Méndez alichapisha ulinganisho wa makundi hayo mawili yakizungumza Kiingereza, na Wahispania ndio waliochanganya zaidi "he" na "she". Hakuna atakayesema Mhispania hajui tofauti ya mwanamke na mwanamume katika sarufi. Kinachomponza ni mazoea ya kuunda sentensi.

Mtego wa pili ni wa umilikishi, na ndio uliomnasa kijana wetu alipofika kwa mwana wa bibi. Kwetu neno la kumiliki hufuata kinachomilikiwa: kitabu chake, gari lake, migomba yake. Macho yetu yamezoea kutazama kitu. Kiingereza kinatazama mwenye kitu. Kwa hiyo kijana, akili ikiwa kwa yule mwana wa kiume, anaandika "his", na hilo "his" linavuta "he" nyuma yake. Mwalimu anayeyajua haya ataona kwamba makosa yote ya ukurasa ule yana chanzo kimoja, wala hatakata alama mara saba.

Sisemi kosa liachwe. Katika barua ya rufaa ya mgonjwa au maelezo ya polisi yenye mume na mke, kiwakilishi kimoja kikikosewa, aliyepigwa anageuka mpigaji. Ndiyo maana tiba lazima ilenge penye ugonjwa. Kumkaririsha kijana kanuni anayoijua ni kupoteza kipindi. Mpe hadithi ndefu zenye mama na mwanawe wa kiume, baba na binti yake, azisimulie kwa mdomo na kwa kalamu. Akimaliza kuandika, arudie insha akitafuta viwakilishi peke yake, na kutoka kila kimoja achore mstari hadi kwa mtu anayetajwa. Na pale watu wawili wanapokaribiana, arudie jina au cheo, kama tunavyofanya kwa Kiswahili "alimpiga" inapoleta utata.

Tena mwalimu wa historia au wa baiolojia asimnyime alama mwanafunzi aliyeeleza jambo kamili, eti kwa sababu ya "he" moja. Na anayesaili watu kazini, kabla hajamkata mtu kwa kosa hili, ampe dakika tano asahihishe maandishi yake mwenyewe. Akiyaona makosa na kuyarekebisha, Kiingereza anakijua.