Kodi iliyomo ndani ya bei, tugawe badala ya kutoa

SAFU YA MIZANI
Na Masanja Lukelesha

Wafanyabiashara wengi wa Mwanza hupiga hesabu ya VAT kinyumenyume kwa kuchukua jumla waliyolipa na kuikata asilimia 18. Njia hiyo ni fupi, lakini inatoa jibu lisilo sahihi. Tuseme fundi wa Kirumba amenunua mabati kwa shilingi 590,000, kodi ikiwa imo. Asilimia 18 ya kiasi hicho ni 106,200, hivyo atadhani bei ya mabati yenyewe ilikuwa 483,800. Sasa aianze upya kutoka hapo: 483,800 ukiongeza asilimia 18 yake inakuwa 570,884. Shilingi 19,116 hazijulikani zilikokwenda. Kosa limetoka mahali pamoja, kwa kuwa muuzaji alikokotoa kodi juu ya bei ya mwanzo, ilhali mnunuzi ameikata kwenye jumla, na jumla ni kubwa zaidi.

Jumla ni sehemu 118, ambapo 100 ni za bidhaa na 18 ni za serikali. Kwa hiyo gawa kwa 1.18: 590,000 inarudi kuwa 500,000, na kodi ni 90,000. Ukipenda kupata kodi moja kwa moja, zidisha jumla kwa 18 kisha gawa kwa 118. Kodi ni kama asilimia 15.25 ya ulicholipa.

Atatokea wa kusema kwamba risiti ya EFD imeshaichambua kodi, basi kujisumbua kwa nini? Kwa sababu bei hujadiliwa kabla risiti haijatoka, na mara nyingi kwa mdomo au kwa karatasi ya makadirio yenye jumla peke yake. Aliyesajiliwa VAT ana sababu nzito zaidi: kodi aliyolipa kwenye manunuzi huipunguza kwenye ile anayopeleka TRA, na akiandika 106,200 badala ya 90,000 atakuwa amedai 16,200 zisizo zake.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba si kila kitu hutozwa kodi. Ni kweli, na hasa huku ziwani, maana nyavu za kuvulia samaki zimesamehewa. Mwenye mtumbwi akinunua nyavu za 410,000 pamoja na mabati yale yale, jumla ni milioni moja. Akiigawa yote kwa 1.18 ataona kodi ya 152,542, wakati ya kweli ni 90,000 tu. Atenge kwanza vilivyosamehewa, ndipo agawe kilichobaki. Tofauti ya shilingi moja au mbili ni ya kukadiria desimali. Ya maelfu inahitaji maelezo.

Hesabu hii, hata hivyo, haiwezi kukuambia kama muuzaji ana haki ya kutoza kodi hiyo. Duka lisilosajiliwa VAT haliruhusiwi kuitoza hata kidogo. Kabla ya kugawa chochote, tafuta namba ya VRN kwenye risiti. Usipoiona na bado umeambiwa ulipe VAT, uliza hapo hapo kaunta.