Kiatu cha Urefu Sawa, Upana Haba

Tulipokuwa Bumula kwa shemeji yetu mwezi uliopita, tulimsindikiza sokoni pamoja na bintiye, aliyetakiwa kuripoti shuleni na viatu vyeusi vya ngozi. Kwenye meza ya mitumba akajaribu namba 5. Kisigino kilikaa barabara, na mbele ya kidole kirefu ikabaki nafasi ya kama sentimita moja, ndiyo inayotakiwa. Lakini alipopiga hatua kumi akakunja uso. Kiatu kilimbana pale mguu unapopanuka, baina ya kifundo cha dole gumba na kifundo cha kidole cha mwisho. Muuzaji akatoa namba 5½ papo hapo. “Chukua hii mama, nusu tu, itamwachia.”

Dada zetu wengi wangeichukua, nasi tulikaribia. Basi tuitazame hiyo nusu inaongeza nini hasa.

Kiatu hujengwa juu ya faroma, jamaa ya ile tunayoivisha kofia ikishafuliwa, ila hii ina umbo la mguu. Kwa hesabu ya Kiingereza, namba moja nzima ni theluthi ya inchi, kwa hiyo nusu namba huongeza urefu wa milimita 4 na kidogo. Mzunguko wa pale panapobana huongezeka kwa kama milimita 3 tu, na soli yenyewe hupanuka kama milimita moja. Aliyebanwa upana, akinunua nusu namba, amenunua urefu na kupewa upana kama bakshishi.

Tena kuna hasara isiyoonekana mezani. Kiatu kirefu zaidi sehemu yake pana imesogea mbele, na mahali pa kukunjika pamesogea nayo. Vifundo vya mguu vinabaki nyuma yake, pale kiatu kinapoanza kuwa chembamba. Mtoto hubanwa vilevile, na juu ya hayo kisigino humpwaya na kumchubua. Huyu binti alikuwa na njia ndefu ya vumbi na tope kila asubuhi, si mtu wa kushuka garini mlangoni.

Tuliomba ruhusa tukatoa zile soli laini za ndani, ya 5 na ya 5½, tukaziweka chini, naye akasimama juu ya kila moja kwa uzito wake wote. Ilikuwa baada ya alasiri, wakati mguu umekwisha kuvimba kidogo kwa kutembea, na huo ndio wakati wa kupima. Mguu wa kushoto, uliokuwa mkubwa kuliko wa kulia, ulimwagika nje ya soli ya 5 kwa jumla ya milimita 6 hivi. Juu ya 5½ ulimwagika 5. Shemeji akacheka, “Kumbe ni nusu ya jina!”

Lau mguu ungezidi kwa uzi tu, tungebaki na namba 5. Ngozi halisi hutanuka kwa upana, na fundi viatu huilowesha kidogo akaiweka kwenye faroma usiku mmoja au miwili. Urefu hauongezi, wala ngozi ya bandia haimsikilizi; hiyo hurudi ilivyokuwa au hupasuka. Kamba nazo husaidia: ukiruka tundu mbili za chini kabisa, kiatu hulegea pale pale panapobana. Usidanganyike kununua kikubwa kisha ukajaza soli nene ndani, maana soli hiyo huuinua mguu na kuusukuma kwenye ngozi ya juu.

Nusu namba ina haki yake pale ambapo hata vidole vinakaribia kugusa mbele, au mtoto bado anarefuka kwa kasi. Huyu wetu mama yake alisema namba haijabadilika tangu mwaka jana.

Tukamwomba muuzaji atafute herufi badala ya namba. Viatu vya kike vitokavyo Uingereza baadhi yake huandikwa ndani upana wake: D ni wa kawaida, E ni mpana, EE mpana zaidi. Kupanda herufi moja huongeza mzunguko kwa kama milimita 6, maradufu ya nusu namba, na urefu haubadiliki. Meza ya tatu tukapata 5 yenye E, ngozi halisi, soli imelika kidogo upande mmoja.

Alitembea nayo hadi mwisho wa safu na kurudi. Tulipomvua, kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa na alama nyekundu ndogo, wala ngozi ya kiatu haikuvutika mikunjo. Alama hiyo tukampelekea fundi aliye karibu na kituo cha matatu, tukamwonyesha kwa chaki mahali penyewe, naye akasema tuvifuate kesho kutwa.