Msimulizi Asiyeaminika Si Mwongo Tu

Imekuwa desturi, darasani na katika tahakiki, kumtia msimulizi asiyeaminika kapu moja na mwongo. Msomaji hufundishwa amnase, kisha asimwamini tena. Wayne Booth, aliyeiasisi istilahi hiyo mwaka 1961, hakukomea hapo. Kipimo chake kilikuwa umbali uliopo baina ya msimulizi na misimamo ya kazi yenyewe. Kwa kipimo hicho, mtu aweza kutaja matukio ya kweli tupu na bado asiaminike.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Admiring Silence (1996), inaonesha hasara ya kapu hilo. Msimulizi wake, mwalimu asiyetajwa jina aliyehamia Uingereza kutoka visiwani, ni mwongo wa kukiri. Baba yake Emma, mwanamke anayeishi naye, hupenda habari za enzi ya ukoloni. Basi humtungia zile anazotamani kuzisikia. Emma naye amesimuliwa ukoo uliopangwa upya. Msomaji ndiye anayekuja kuambiwa kwamba Hashim ni baba wa kambo, na kwamba Abbas, baba mzazi, aliondoka kabla mwana hajazaliwa.

Wahakiki wa kapu moja huishia hapo: uongo umefichuka, kazi imekwisha. Kumbe kila ungamo linafanya kazi kinyume na wanavyodai. Anayeambiwa "nilimdanganya Emma" hujiona amekaribishwa chumba cha ndani, ambako Emma mwenyewe hakufikishwa. Imani yake haipungui, inaongezeka. Na mgeni aliyekirimiwa hivyo ni nadra kuuliza kilichomo sandukuni.

Kilichomo ni kimya. Kwa miaka mingi mama yake hajui kuwa mwanawe ana Emma, wala kuwa amepata mjukuu, Amelia. Siri inatoka pale tu anaporudi nyumbani na kukuta ameshatafutiwa mchumba. Hapa msimulizi hamdanganyi msomaji hata kidogo. Anaeleza hofu yake kwa ufasaha na kejeli tamu, na msomaji, aliyekwisha kuwa mwandani wake, anakubali kwamba haya na woga vinatosha kuwa sababu. Matukio ni sahihi. Hukumu ndiyo yenye walakini, na hilo ndilo kapu lile haliwezi kulibeba.

Katika By the Sea (2001), Gurnah huyohuyo aliwakutanisha wasimulizi wawili, Saleh Omar na Latif Mahmud, na kila mmoja ikambidi simulizi yake isikilizwe na mwenzake mwenye kumbukumbu tofauti. Admiring Silence haina sikio la pili. Emma anapomwacha, tunalipata tukio hilo kwa sauti ya aliyeachwa peke yake, nayo inauma kweli. Mhakiki aliyeshughulika kuhesabu uongo hafiki kwenye swali linalobaki: Emma angeisimulia vipi miaka hiyo, naye aliishi humo bila kujua ni nani aliyelala ubavuni pake?