Kompyuta ikilipa mara mbili, pesa zirudishwe kwa njia iliyo wazi

Mwalimu anashuka kutoka Djugu hadi mjini Bunia, anafika kwenye kabini, anatazama simu: mshahara umeingia. Anatosha pesa yote, analipa deni la duka, ananunua mchele na sabuni, anapanda pikipiki na kurudi. Siku tatu baadaye anapata ujumbe kwamba salio lake liko chini ya sifuri. Hakuna mtu aliyemwita wala kumweleza. Kompyuta ilimlipa mara mbili usiku, na kompyuta hiyohiyo imejichukulia asubuhi.

Tangu serikali ilipoanza mwaka 2011 kupitisha mishahara ya watumishi wake katika benki, na tangu simu ikawa mfuko wetu wa pesa, wakaaji wengi wa Ituri wanalipwa na kazi inayotembea yenyewe usiku, bila mkono wa mtu. Kazi kama hiyo itakosea siku moja. Maoni yangu ni kwamba kosa lenyewe si aibu kubwa. Aibu iko katika namna ya kulirekebisha, kwa sababu hapo ndipo watu wasio na hatia wanaumizwa mara ya pili.

Hata mabenki makubwa yanakosea. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, benki ya Santander ya Uingereza ilituma malipo karibu 75,000 mara mbili, jumla pauni milioni 130. Sababu ilikuwa hitilafu katika ratiba ya malipo. Pesa nyingi zilikuwa zimekwisha kuingia katika mabenki mengine, na Santander haikuweza kubonyeza kitufe kimoja zikarudi. Ilibidi kuziomba benki kwa benki, mteja kwa mteja.

Huo ndio moyo wa jambo hili. Malipo yaliyofika hayafutiki. Mwaka 1987, wataalamu wawili, Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem, waliandika kwamba kazi ndefu yenye hatua nyingi haiwezi kurudishwa nyuma kwa mpigo mmoja. Kila hatua iliyokwisha fanyika inahitaji tendo lake la kuifidia. Ukimwaga maji huwezi kuyazoa, bali unaweza kwenda kisimani kuchota mengine.

Tuchukue mfano wa kufikiriwa. Shirika linalipa watu 300, kila mmoja dola 40, jumla dola 12,000. Usiku kazi inaanza, inalipa watu 180, halafu mtandao unakatika. Mtandao unaporudi, kazi inaanza upya kutoka jina la kwanza na kulipa wote 300. Malipo 480 yametoka, yaani dola 19,200. Zimezidi dola 7,200.

Mkubwa wa ofisi, kwa hofu, anasema: « Futeni safari ya pili yote. » Ni amri inayoonekana ya haki, lakini ni kosa jipya. Katika safari hiyo ya pili walikuwamo watu 120 ambao safari ya kwanza haikuwafikia. Ukiifuta yote, hao 120 wanabaki bila kitu, ingawa hawakupokea hata dola moja ya ziada. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia mashine isiendelee, na ya pili ni kulinganisha orodha mbili, jina kwa jina na mwezi kwa mwezi. Wanaopaswa kuguswa ni 180 tu.

Halafu kuna shimo lingine. Kazi ya kurudisha nayo ni ya kompyuta, nayo inaweza kukatika katikati na kuanzishwa tena. Pasipo ulinzi, mtu atachukuliwa dola 40 mara mbili. Dawa yake ni rahisi: kila malipo yawe na namba yake, na kila urudishaji uchukue namba hiyo na alama moja ya nyongeza. Malipo ya ziada `2025-03-0147` yanarudishwa kwa `2025-03-0147-R`. Mfumo ukiona namba hiyo ya kurudisha imekwisha pita, unakataa kuipitisha tena. Namba hiyohiyo ingewekwa kwa malipo tangu mwanzo, mtu mmoja kwa mwezi mmoja, kosa lenyewe lisingetokea.

Sasa tuseme kati ya wale 180, watu 100 bado wana pesa katika simu. Dola 4,000 zinarudi. Wengine 80 wamekwisha kutosha yote. Hapa kompyuta inapaswa kunyamaza na mtu aseme. Kusukuma salio lao chini ya sifuri maana yake ni kuula mshahara wa mwezi ujao kabla haujafika. Iandikwe kama deni, kila mmoja aitwe, aoneshwe malipo mawili, na wapatane: dola 10 kwa miezi minne, kwa mfano. Mwisho wa hesabu, zilizorudi dola 4,000 na madeni dola 3,200 lazima yafanye dola 7,200 kamili. Zikipungua au kuzidi hata dola moja, kuna mtu ameonewa au amesahauliwa, na kazi haijaisha.

Wengine watasema: deni ni deni, aliyepokea arudishe. Ni kweli, na sheria yetu inasema hivyo tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba: anayepokea asichostahili analazimika kukirudisha. Lakini wajibu wa kurudisha haumfanyi mtu kuwa mwizi. Nchini Ethiopia, Machi 2024, hitilafu ya mfumo iliwawezesha wateja wa benki kubwa ya serikali kutosha pesa kuliko walizokuwa nazo, na benki ikatangaza hadharani majina ya waliochelewa kurudisha. Pale kuna waliokimbilia mashine wakijua. Mwalimu aliyelala akaamka akakuta pesa katika simu hakukimbilia chochote.

Tena kuna jambo ambalo ofisi nyingi zinapenda: kufuta mstari mbaya katika kitabu, ionekane kama hakuna kilichotokea. Sheria ya OHADA, inayotumika nchini kwetu tangu Septemba 2012, inakataza hilo. Kosa la hesabu linasahihishwa kwa kuandika kiasi kilekile kwa alama ya kutoa, halafu kuandika kilicho sahihi. Mstari mbaya unabaki, na mstari wa kuusahihisha unakaa nao. Aliyechukuliwa dola 40 anapaswa kuona katika simu yake mistari yote: ulilipwa, ulilipwa tena kwa kosa, imerudishwa, namba ni hii.

Kwa hiyo wanaotulipa, serikali, mashirika na makampuni ya simu, ninawaomba jambo moja linaloweza kupimwa. Kabla ya kuchukua senti katika simu ya mkaaji, atumiwe ujumbe wenye namba ya malipo, kiasi, sababu, na mahali pa kulalamika hapa Bunia. Na wewe msomaji, ukiona salio limepungua bila maelezo, usigombane na mama wa kabini. Yeye hana mkono humo. Piga picha ya ujumbe wako wote wa mwezi, wa kuingia na wa kutoka, uende nayo ofisini uulize: « Urudishaji huu ni wa malipo yenye namba gani? » Wakikosa kukujibu, basi hata wao hawajui walichokifanya.