Kwa Nini Lamu Haisikii Kimbunga

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, mzee mmoja mvuvi alituuliza baada ya sala: “Msumbiji twasikia mara kwa mara, Lindi ilipigwa mwaka 1952, mbona Lamu hatusikii?” Swali lake lina jibu, nalo limo katika mzunguko wa dunia.

Tuchukue mkeka tuutandike kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Kwa siku moja mkeka ule utageuka duara zima papo hapo ulipo. Upepo upitao juu yake waenda moja kwa moja, lakini ardhi imegeuka chini yake. Hivyo sisi tulioketi mkekani twauona umepinda kulia. Katika ncha ya kusini mgeuko ni kinyume, na upepo hupinda kushoto. Sasa tuulete mkeka kwenye Ikweta. Hapo dunia huubeba kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, mwendo mkubwa kuliko popote. Hata hivyo, mkeka haugeuki. Upande uliotazama kaskazini wabaki kutazama kaskazini. Kipindacho upepo ni kule kugeuka kwa ardhi, wala si kasi ya kubebwa, na ndiyo maana pale hakuna cha kuupinda.

Baina ya Ikweta na ncha, nguvu hiyo huongezeka kidogo kidogo. Mafia, karibu nyuzi 8 kusini, hupata takriban sehemu moja kwa saba ya ile ya ncha. Lamu, nyuzi 2 na kitu, hupata moja kwa ishirini na tano tu.

Kimbunga huihitaji mno nguvu hii. Joto la bahari hupandisha hewa, mgandamizo wa chini hupungua, na hewa ya pembeni hukimbilia pale. Isipopindwa, huingia moja kwa moja na kulijaza pengo, mambo yakaishia hapo. Ikipindwa, hulizunguka pengo badala ya kulijaza, nalo laweza kudumu na kuzidi kina siku baada ya siku. Kusini mwa Ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Kwa hiyo vimbunga ni nadra kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za Ikweta, yaani kama kilomita 550 kila upande. Nadra, hatukusema muhali: Desemba 2001 kimbunga Vamei kilizuka karibu na Singapuri, kwenye nyuzi 1 na nusu tu.

Wale waoneshao wageni kule Nanyuki maji yakigeuka ndani ya beseni kwa hatua chache kuvuka mstari, wanacheza na mkono wao. Beseni ni dogo mno.

Mabaharia wetu waliutumia mpindo huu bila kuuita jina. Kusi hutoka kusini-mashariki, huvuka Ikweta, kisha hupinda kulia na kuwa upepo wa kusini-magharibi, ukayasukuma majahazi hadi Omani na Bara Hindi.