Mabango ya Mjomba, au Kwa Nini Hela ya Tangazo la Kwanza Isiende kwa Wapita Njia

Najua niliahidi kuandika kuhusu mazoezi ya kufundisha, lakini leo nina hasira na ngoja niitoe kwanza. Mwenzangu wa chumbani amelala, neti yangu imetoboka, mbu wanafanya mkutano, basi bora niandike.

Hasira yenyewe inahusu mjomba wangu. Ni fundi wa friji na mashine za kufulia pale Sinza, mtu wa kazi kweli kweli. Mwaka huu alijichanga akapata shilingi 150,000 za kujitangaza mtandaoni kwa mara ya kwanza. Akampata kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa masoko. Yule bwana akamwambia, "Mzee, tukuweke kwenye mabango, watu laki mbili watakuona." Mjomba akaona huu ndio utajiri. Nani asiyetaka kuonwa na watu laki mbili?

Wiki tatu baadaye hela imeisha. Simu alizopata ni mbili. Moja ilikuwa ya mtoto aliyekuwa anacheza gemu kwenye simu ya mama yake, akabonyeza tangazo, kisha akabonyeza namba, halafu akakata.

Mjomba akaniita. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Hivi ninyi wasomi mnasema mtandao una wateja, mbona mimi nimepata watoto?"

Sasa mimi nasomea ualimu, sio biashara. Lakini nilipofungua ripoti ya lile tangazo nikaangalia limeonekana wapi, nilicheka kwa uchungu. Kliki nyingi zilitoka kwenye programu za gemu na programu za tochi za simu. Ndivyo matangazo ya mabango yanavyofanya kazi: Google hulichukua bango lako na kulibandika kwenye tovuti na programu za watu wengine, mbele ya mtu anayefanya shughuli zake. Yeye anatafuta kitufe cha kufunga tangazo, kidole kinateleza, wewe unalipa.

Hoja yangu ni hii, na wataalamu wa masoko mnisamehe: mnaanzia swali baya. Mnauliza "watu wangapi wataona?" wakati swali la kwanza ni "huyu mtu yuko karibu kiasi gani na kununua?" Sisi walimu tunalijua hilo. Kwenye andalio la somo huanzi kufundisha mpaka ujue mwanafunzi ana maarifa gani tayari. Na darasani kuna watu watatu. Kuna aliyenyoosha mkono, ana swali na anataka jibu sasa hivi. Kuna aliyekaa anapiga soga na jirani yake, hana swali lakini ukimwonyesha kitu cha kuvutia atageuka. Halafu kuna mtu anayepita nje dirishani, ana safari zake.

Aliyenyoosha mkono ndiye anayeandika kwenye Google. Anayepiga soga yuko Facebook na Instagram. Mpita dirishani ndiye anayekutana na bango. Ukiwa na chaki moja tu, utamfundisha nani?

Tena tuelewane: utayari sio tabia ya mtu, ni hali ya saa ile. Mama yule yule wa Kijitonyama, saa mbili asubuhi friji limegoma na samaki wanaanza kulainika, ataandika "fundi friji sinza" na kumpigia wa kwanza kupokea. Usiku huo huo, friji likishapoa, anaangalia nguo za harusi Instagram. Umwonyeshe video nzuri kiasi gani ya fundi friji, hana habari na wewe. Friji haliharibiki kwa sababu tangazo limependeza.

Yule mtaalamu nilipomwambia haya alinijibu kwamba Waswahili hatutafuti Google, sisi ni watu wa Instagram. Jibu la jeuri, lakini lina kipimo. Ndani ya Google Ads kuna kifaa kinaitwa Keyword Planner. Unaandika maneno, unachagua mji, kinakupa makadirio ya mara ngapi yanatafutwa kwa mwezi. Tukakaa na mjomba tukaingiza "fundi friji", "fundi wa friji", "fridge repair dar es salaam". Watu wapo. Sio laki mbili, ni kidogo sana. Ila kila mmoja wao ana friji bovu! Hao ndio tunaowataka, wale laki mbili wakae na friji zao nzima.

Kabla ya kuweka hata senti tulipiga hesabu. Kazi moja, ukitoa vipuri na nauli, inamwachia mjomba kama 35,000. Tukakisia kwamba katika kliki kumi, moja itazaa kazi. Kwa hiyo kliki ikigharimu 3,500 anafanya kazi bure, na ikiwa chini ya hapo anapata. Hii hesabu yule mtaalamu hakuifanya kabisa, na ndiyo inayokuambia kama tangazo linakulipa au linakula mtaji.

Tukaanza, elfu nane kwa siku. Hapa kuna mitego miwili nataka muijue. Wa kwanza: unapotengeneza kampeni ya utafutaji kuna kisanduku cha Display Network ambacho kwa kawaida kinakuja kimeshawekewa tiki. Ukikiacha, sehemu ya hela yako inarudi kule kule kwa watoto wa gemu. Ondoa tiki. Wa pili ni mahali. Chaguo linalokuja lenyewe ni “Presence or interest”, maana yake hata mtu aliye nje ya mji lakini ameonyesha kuvutiwa nao anaweza kuliona tangazo. Fundi wa Sinza hana kazi na mtu aliyeko ng'ambo. Tukachagua “Presence” peke yake, na tukabana eneo liwe Sinza na jirani zake.

Siku tatu za kwanza nilitaka kujificha. Zilikwenda 24,000, kliki 30, simu 3. Mjomba ananiangalia kwa jicho la "na wewe ni wale wale". Nikafungua ripoti ya maneno ambayo watu wameandika hasa, na ugonjwa ukaonekana. Watu walikuwa wanaandika "bei ya friji", "friji used", "jinsi ya kutengeneza friji", "chuo cha ufundi friji". Wote wana neno friji mdomoni, lakini hakuna hata mmoja anayetaka fundi. Kumbe hata ndani ya utafutaji mikono inayonyooshwa sio sawa, mwingine ananyoosha kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Dawa ni mbili. Maneno yetu tukayafunga ili Google isiyatanue inavyotaka, na yale mabaya tukayaweka kwenye orodha ya kukataa. Yakawa hivi:

```
[fundi friji sinza]
"fundi wa friji"
"fridge repair"

Ya kukataa: bei, used, jinsi ya, chuo, ajira
```

Mabano ya mraba yanaiambia Google ikae na maana ya maneno hayo hayo. Alama za nukuu zinaruhusu maneno mengine kuongezeka mbele au nyuma. Ukiliacha neno tupu bila alama, Google italitanua mpaka kwenye mambo inayoona yanafanana.

Kitu kingine: mjomba akiwa amelala chini ya friji la mtu hapokei simu, na simu isiyopokelewa ni hela imemwagika. Tukaliwekea tangazo saa, moja asubuhi mpaka moja jioni, na simu akashika binti yake.

Siku tisa zilizofuata zilikula 72,000. Kliki 90, simu 26. Jumla ya siku zote kumi na mbili: 96,000, kliki 120, simu 29, kazi 12. Kila kazi imegharimu 8,000 ya tangazo na imeleta 35,000. Mjomba amebakiwa na 324,000 baada ya kulipa tangazo. Wiki tatu za mabango zilileta mtoto.

Sasa msije mkasema nimehubiri kwamba Google ni dawa ya kila kitu, maana huo ni upofu wa upande wa pili. Kuna dada tunayesoma naye, anachonga herufi za mbao za kuwafundishia watoto kusoma. Akasikia habari za mjomba, akataka na yeye matangazo ya utafutaji. Tukaangalia yale makadirio: karibu patupu. Mzazi hawezi kutafuta kitu ambacho hajui kama kipo. Ukiweka tangazo hapo hata hela yako haitatumika, itakaa tu. Huyu ndiye wa mitandao ya kijamii. Akarekodi video fupi, mtoto anapanga jina lake kwa herufi, tangazo likielekeza WhatsApp. Aliweka 60,000 mwishoni mwa Novemba. Watu 20 wakaandika, 3 wakanunua wiki ile. Akakata tamaa. Januari shule zilipofungua, 5 kati ya wale wale wakarudi. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: tangazo la kijamii wanalipima kwa simu za leo, wakati mtu aliyekuwa anapiga soga anahitaji muda wa kugeuka. Kama huna pumzi ya kusubiri, na huna mtu wa kujibu zile meseji, usiingie huko.

Na mabango je? Yana kazi yake, ila sio ya kwanza. Yanafaa kumkumbusha mtu aliyekwishafika kwenye tovuti yako akaondoka bila kununua, hasa kwa vitu vinavyofikiriwa muda mrefu kama viwanja au umeme wa jua. Lakini Google haitakuonyeshea tangazo la kukumbusha mpaka orodha yako iwe na watu 100 waliofika katika siku 30. Mtu wa kampeni ya kwanza hana hao 100. Na mjomba hata akiwa nao hawamsaidii, kwa sababu aliyetafuta fundi juzi friji lake limeshapona.

Kwa hiyo ukiwa na hela ndogo ya kuanzia, angalia kwanza kama watu wanakitafuta unachouza. Wakiwepo, nenda kwa walionyoosha mkono. Wasipokuwepo, nenda kwa wapiga soga na uwe na subira. Wapita dirishani waache mpaka uwe na darasa. Na mtu akija kukuuzia "watu laki mbili", muulize swali moja tu: wangapi kati yao friji limeharibika leo?

Naona betri inaisha na kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na hesabu. Nawasilisha.