Barua ya wazi kwa KeNHA: Ada isikatwe kabla gari halijatambuliwa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA),
Nairobi.

KUH: ADA YA BARABARA INAYOKATWA KWENYE AKAUNTI YA MWENYE GARI

Mkurugenzi Mkuu,

Tangu Nairobi Expressway ianze kutumika mwaka 2022, madereva wamezoea kifaa cha ETC kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Mtu huweka pesa mapema kwenye akaunti yake, na kila anapopita ada hukatwa humo. Kifaa kisiposomeka, kizuizi hakiinuki. Mhudumu huja, tatizo likatatuliwa papo hapo, dereva akiwepo.

Sasa barabara ya Rironi hadi Mau Summit nayo imepangiwa ada. Kabla hamjaamua mfumo wa kuikusanya, naomba mwangalie kinachotokea mahali ambapo vizuizi vimeondolewa na gari linasomwa likiwa mbioni. Hapo kosa halimsimamishi mtu. Linaingia kimyakimya kwenye akaunti, pengine ya mtu ambaye hakuwa barabarani siku hiyo.

Katika mfumo huo gari husomwa mara mbili. Antena iliyo juu ya barabara husoma namba ya kifaa, na kamera hupiga picha ya nambari ya usajili kisha kompyuta huigeuza kuwa herufi na tarakimu. Kifaa kikikosa kusomeka, nambari ya usajili ndiyo inayotumika kutafuta akaunti ya kukatwa.

Nambari zetu zina mpangilio unaosaidia: herufi tatu, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Kompyuta ikiona B mahali pa tarakimu, inajua huenda ni 8. Lakini C ikisomwa kuwa G, au 3 ikasomwa kuwa 8, mpangilio haujavunjika na hakuna kinachoishtua. Tope, jua la jioni au skrubu iliyokazwa juu ya tarakimu vinatosha kuleta kosa hilo.

Chukua mfano huu. Gari lenye kifaa linapita Rironi. Antena inakisoma sawasawa, lakini kamera inasoma KDG badala ya KDC. Mfumo usipolinganisha taarifa hizo mbili, utaona magari mawili. Mwenye kifaa atakatwa kihalali, na mwalimu wa Kisumu mwenye ile KDG, ambaye gari lake limeegeshwa shuleni, atakatwa pia. Kosa la aina hii linatambulika kwa urahisi: malipo mawili, njia moja, sekunde ileile, na nambari zinazotofautiana kwa herufi moja. Kompyuta yenu inaweza kulizuia kabla shilingi haijatoka. Mwalimu hawezi, kwa sababu hana picha.

Kosa la pili ni gari kuonekana likiingia, lisionekane likitoka. Ada iliyotangazwa kwa magari madogo ni shilingi 8 kwa kilomita, kwa hiyo aliyesafiri kilomita 100 anadaiwa shilingi 800. Mfumo ukikosa alama ya kutoka, njia rahisi kwa mkusanyaji ni kudhani gari lilifika mwisho. Kwa kilomita 175 za kutoka Rironi hadi Mau Summit, hiyo ni shilingi 1,400. Shilingi 600 zimelipiwa safari ambayo hakuna aliyeiona. Haki ni kutoza hadi mahali pa mwisho gari lilipoonekana, na hasara ya kamera iliyokosa kusoma ibebwe na mwenye kamera.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba na mwendeshaji wa barabara. Kwanza, picha ambayo kompyuta haina uhakika nayo, au isiyolingana na kifaa, iangaliwe na mtu kabla ya kukata. Pili, kila ujumbe wa makato ueleze mahali pa kuingia na kutoka, saa, daraja la gari na salio, na mwenye akaunti aweze kuifungua picha yenyewe. Picha hiyo inaonyesha gari la mtu lilikuwa wapi saa ngapi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mhusika haki ya kuona taarifa zake. Tatu, pesa zinazobishaniwa zirudishwe kwenye akaunti wakati uchunguzi unaendelea. Asiyekuwa barabarani asilazimishwe kuthibitisha kwamba hakuwepo. Anayedai ada ndiye mwenye picha, naye ndiye aithibitishe safari.

Masharti haya ni rahisi kuyaandika kabla ya mitambo kuwashwa. Baada ya hapo, kila badiliko litahitaji idhini ya mwendeshaji, naye atakuwa tayari anapokea pesa za makosa hayo. Tafadhali yachapisheni wananchi wayasome kabla ya gari la kwanza kutozwa.

Wako mwaminifu,
Dereva na mlipa ada, Nakuru